Makala nne, insha moja

Habari za asubuhi jamani. Sogeeni mbele kidogo, huko nyuma feni inapiga kelele na mi sauti yangu leo sio nzuri. Leo ni jinsi ya kuunganisha makala nne ziwe insha moja. Sitachukua muda mrefu, kama nusu saa hivi, afu tunafanya wenyewe kwa mikono.

Nimesoma insha zenu za kwanza, zote. Na nataka niseme wazi kwamba mmesoma, hilo nimeliona, watu wamehangaika steshenari wametoa kopi, wamepiga mistari, kuna mtu kasoma makala sita wakati zilitakiwa nne. Kwaiyo shida sio uvivu. Shida ni kwamba insha nyingi zimeandikwa hivi: aya ya kwanza makala ya kwanza inasema hivi, aya ya pili makala ya pili inasema vile, aya ya tatu makala ya tatu nayo inasema, mwisho "kwa kumalizia waandishi wote wameeleza vizuri". Hapo wewe uko wapi? Mi nikisoma nasikia watu wanne wanaongea kila mmoja kwenye chumba chake na hamna aliyefungua mlango.

Na nawaelewa kabisa kwa sababu mi mwenyewe mwaka wa kwanza niliandika hivohivo, nikapewa tisa kwa ishirini, na pembeni mwalimu kaandika neno moja tu, "kwaiyo?". Iliniuma sana. Nilikaa na lile neno wiki nzima ndo nikaelewa alikua anauliza nini, alikua anauliza hivi vitu vyote ulivyosoma vikikaa pamoja vinasema nini kuhusu swali nililokupa.

Sasa twendeni na mfano wa hapahapa. Swali lenu la asaimenti ya pili ni hili: kwa nini Ujiji, iliyokua mji mkubwa wa biashara karne ya 19, ilipitwa na Kigoma? Wote mnapajua, wengine mmepanga Ujiji mnakuja huku kila siku kwa daladala. Mmepewa makala nne, mi naziita R1 mpaka R4, na ninyi mziite hivo, andika ile namba juu ya kila kopi kwa kalamu nyekundu kabla hujasoma hata mstari mmoja. R1 ni ya reli ya kati. R2 inahusu maandishi ya wasafiri wa Ulaya waliofika Ujiji. R3 inahusu Ziwa Tanganyika lenyewe, kupanda na kushuka kwa maji. R4 inahusu bandari na meli.

Wengi mnasoma R1 mnaandika noti ukurasa mzima kwenye kaunta buku, mnafunga, mnafungua R2. Hapo ndo insha inapoharibika, kabla hata hujaandika sentensi moja, kwa sababu noti zako zimeshajipanga kwa makala na ukija kuandika utafuata mpangilio uleule ulioukuta daftarini. Nendeni pale Kibirizi asubuhi muangalie samaki wanavyoshushwa. Mitumbwi inakuja mingi, kila mmoja una dagaa na migebuka na vingine, lakini mama anayenunua hapangi beseni la mtumbwi huu na beseni la mtumbwi ule, dagaa wanaenda na dagaa, migebuka inaenda na migebuka, hata kama wametoka kwa wavuvi watano tofauti. Makala zenu ndo mitumbwi. Mabeseni ni hoja.

Kwaiyo noti moja, kipande kimoja cha karatasi. Chukua karatasi ya A4 kata vipande vinne, hela yake ni ndogo kuliko bando la siku. Kila kipande jambo moja tu. Na kila kipande lazima kiwe na vitu viwili pembeni, namba ya makala na ukurasa, R3 uk. 12 kwa mfano, na herufi moja ya kuonyesha haya ni maneno ya nani. Mi natumia N kama ni nukuu, yaani nimenakili neno kwa neno na nimeweka alama za mtajo palepale, M kama ni wazo la mwandishi ila nimelisema kwa maneno yangu, na W kama ni wazo langu mimi. Hii ya herufi msiichukulie poa. Karibu kila mwanafunzi niliyewahi kumwita ofisini kwa kosa la kunakili hakukusudia kuiba, aliandika noti mwezi mmoja kabla, akasahau ile sentensi nzuri ni yake au ya kitabuni, akaiingiza kwenye insha kama yake. Inasikitisha kwa sababu mtu kama huyo alijituma kweli, angekua na herufi N pale pembeni asingefika ofisini kwangu.

Na usinakili sana. Ukiona vipande vyako kumi, nane ni N, ujue bado hujaelewa ulichosoma, funga makala, sema kwa mdomo kama unamweleza rafiki yako pale kantini, afu ndo uandike.

Haya, umesoma zote nne, una vipande ishirini na tano au thelathini. Sasa mwaga vyote mezani au kitandani, vichanganye makusudi, R1 ikae na R4. Anza kuvikusanya kwa kujiuliza swali moja tu: hiki kipande kinajibu nini kuhusu Ujiji kupitwa? Nimejaribu mwenyewe jana usiku na nimepata mafungu matatu, na moja la ziada.

Fungu la kwanza, kilichoijenga Ujiji. Hapa kuna kipande cha R2, Burton na Speke walifika mwaka 1858 wakakuta soko, Stanley akamkuta Livingstone palepale mwaka 1871, misafara ilikua inakuja kutoka pwani kupitia Tabora, pembe za ndovu na watumwa. Na R4 inagusia biashara hiyohiyo kwa mistari michache. Fungu la pili ni maji. R3 inasema miaka ya 1870 ziwa lilipanda likapasua njia kule mto Lukuga upande wa magharibi, afu maji yakashuka mita kadhaa, ufukwe wa Ujiji ukawa wa kina kifupi, chombo kikubwa hakisogei. R4 inaongeza kwamba ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Fungu la tatu ni reli, ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na ile meli tunayoiita Liemba ililetwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikapanda reli mpaka hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915.

Lile la ziada ni vipande vitatu vya habari za Livingstone kuumwa na kukosa dawa. Vizuri, vinagusa moyo, lakini havijibu swali. Weka pembeni. Najua inauma kutupa kitu ulichokitolea jasho, ila insha haina wajibu wa kubeba kila ulichosoma.

Sasa chora jedwali. Mistari ya kulala ni mafungu yako, nguzo za kusimama ni R1, R2, R3, R4. Jaza kila chumba kwa maneno matatu manne tu. Hapa naomba mniangalie vizuri maana ndo moyo wa kazi yote, ukishajaza usiangalie palipojaa peke yake, angalia na palipo wazi. Kwenye mstari wa maji, R1 haina kitu kabisa. Makala nzima ya reli haisemi chochote kuhusu kina cha ziwa! Inaongea kana kwamba reli ndo iliamua Kigoma iwe mji. Afu soma R3, yenyewe inaonyesha Ujiji ilikua imeshaanza kupoteza bandari miaka mingi kabla ya reli. Hawa wawili wanagongana, na wao wenyewe hawajui kwamba wanagongana, anayejua ni wewe uliyewasoma wote. Hapo ndo insha yako inapozaliwa.

Kwaiyo kwenye kila mstari wa jedwali andika mwishoni neno moja: wanakubaliana, wanapingana, au mmoja anamuongezea mwenzake. Mstari wa maji R3 na R4 zinaongezeana. Mstari wa reli R1 inapingana na R3. Mstari wa kwanza ni R2 karibu peke yake, na hapo jiulize huyu shahidi ni nani, msafiri aliyepita akakaa wiki au miezi, aliona soko lakini hakuona mji ukibadilika, kwaiyo mtumie kwa alichokiona, usimtumie kueleza sababu.

Ukifika hapa ndo unaandika hoja kuu, sentensi moja. Sio mwanzo kabisa kama mlivyozoea. Yangu nimeandika hivi: "Reli haikuiua Ujiji, ilifika wakati biashara iliyoijenga imeshadhoofika na maji yameshaukimbia ufukwe wake, ikaenda palipokuwa na kina." Mtu anaweza kunipinga, na ndo ninachotaka. Sentensi kama "kuna sababu nyingi zilizofanya Ujiji ipitwe" hamna mtu atakayeipinga kwa sababu haijasema kitu.

Autilaini sasa inakuja yenyewe. Usiandike "Aya ya pili: maji", hilo ni jina tu. Andika sentensi kamili, "Aya ya pili: kabla ya reli, kushuka kwa ziwa kulishaipunguzia Ujiji thamani yake kama bandari", chini yake R3 uk. 12 M, R4 uk. 5 N, na W yako. Aya ya tatu, "R1 inaipa reli nafasi kubwa mno kwa sababu inaanza hadithi mwaka 1905", chini yake vipande vya R1 na R3 vikiwa pamoja. Angalia aya moja ina makala mbili zinaongea. Ukikuta aya yako ina R moja tu simama ujiulize kama hujarudi kulekule kwenye muhtasari. Mara nyingine itakua sawa, kama pale kwa R2, ila iwe umeamua.

Kuna aliyeniuliza jana kama anaweza kufanya hivi kwenye simu. Unaweza, ila kwa mara ya kwanza nakuomba ufanye kwa karatasi, uone vyote kwa pamoja mezani, kioo cha simu kinakuonyesha vipande viwili vitatu tu na akili inasahau vingine.

Haya toeni R3 na R4. Karatasi za kukata zipo hapa mbele, mikasi ipo minne tu kwaiyo mkae watano watano. Dakika ishirini, vipande sita kila mtu, herufi na ukurasa pembeni. Napita.