Ombi la maoni yako na ruhusa ya kutumia picha za likizo yenu Kigoma

Kigoma, 8 Januari 2025

Mwalimu Rehema,

Habari za Dodoma, na poleni na safari. Tunaamini treni iliwafikisha salama na Bibi alipata usingizi mlipopita Tabora, maana hapa aliondoka ameapa hafumbi jicho mpaka aione Uvinza na chumvi yake. Mfikishie shikamoo zetu. Editha wa jikoni anasema lile dumu la mawese lisiingie kwenye friji, litaganda tu, mliweke kabatini.

Nakuandikia nikiwa na ombi, na kwa kuwa lina vipengele vyake nimeona nisiliseme kwa simu ukiwa unajiandaa kufungua shule. Lisome ukipata nafasi. Ukikataa lote au sehemu, hatutakuuliza sababu, na mkirudi Katonga mtapokewa vilevile.

La kwanza ni maoni. Wageni wengi wanaofikiria kuja Kigoma na watoto au wazee hutuuliza maswali ambayo sisi wenye nyumba tukijibu tunaonekana tunajisifia: je, mzee wa miaka sabini ataweza zile ngazi za kushuka ziwani? Watoto watakula nini kama hawajazoea migebuka? Usiku kunakuwaje? Wewe umeyaona hayo kwa macho yako, na neno lako litawafaa kuliko letu. Sentensi tatu au nne zinatosha. Kama kuandika kunakuchosha baada ya kusahihisha madaftari, tuma sauti kwa WhatsApp, Hamisi ataiandika kisha tutakurudishia uisome kabla haijaenda popote. Sauti yenyewe hatutaitumia, tutaifuta ukishaidhinisha maandishi.

Tafadhali usiturembe. Usiku wa pili umeme ulikatika na jenereta likaunguruma mpaka karibu saa sita. Kama liliwanyima usingizi, liandike. Tutayaweka maneno yako kama ulivyoyaandika. Tukilazimika kuyafupisha ili yaenee kwenye kipeperushi, utaiona hiyo fupi kwanza, na hatutakata lawama tukabakiza sifa. Kwa sababu hiyohiyo hatukupi punguzo la bei wala zawadi kwa kuandika. Maoni yaliyolipiwa hayamsaidii mgeni anayehesabu nauli ya familia nzima kutoka Mwanza au Dar.

Kuhusu jina, chagua mwenyewe. Tunaweza kuandika Rehema, mwalimu, Dodoma. Tunaweza kuandika Mgeni kutoka Dodoma, basi. Shule unayofundisha hatutaitaja hata ukituruhusu, maana haina kazi yoyote hapo na watoto wako wanasoma palepale.

La pili ni picha, na hapa nitachukua muda zaidi.

Unakumbuka siku ya kwanza Hamisi aliwauliza kama anaweza kuwapiga picha, mkasema sawa. Ile sawa tuliichukua kuwa ni ya kupiga na kuwatumia ninyi, ndiyo maana zote mlizipata kabla hamjaondoka na hakuna hata moja tuliyoiweka hadharani. Kuonyesha watu wengine ni ombi jipya. Kati ya zile zote tumechagua nne tunazotamani kuzitumia, nimezituma tena kwenye WhatsApp yako zikiwa na namba ili tusichanganyane.

Picha namba moja ni yako, umesimama kwenye gati umetupa mgongo, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Uso hauonekani. Hata hivyo kitenge kile cha bluu mtu anayekufahamu atakitambua, kwa hiyo tunaiomba kama tunavyoomba picha yenye uso.

Namba mbili ni Bibi kibarazani na sahani ya mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, anacheka. Kwetu sote hapa hii ndiyo inayopendwa zaidi. Lakini ruhusa ya picha hii ni ya Bibi, si yako, samahani kwa kusema hivyo kwa binti yake. Tunaomba umwonyeshe picha yenyewe kwenye simu, umweleze kwamba itaonekana na watu asiowajua, na kwamba tunaweza kuichapisha kwenye karatasi itakayokaa hapa mapokezi. Akisema hapana, au akisita tu, iachwe. Na kama angependa kwanza afunge vizuri mtandio, sisi tutasubiri aje tena tumpige nyingine.

Namba tatu ni Amani na Tunu ndani ya boti pale Kibirizi, wamevaa maboya ya kujiokolea. Nimefikiri sana kama niiombe. Nimeiomba kwa sababu wazazi wengi hutuuliza kuhusu usalama wa maji, na boya lililofungwa sawasawa kifuani kwa mtoto linajibu swali hilo papo hapo. Fulana ya Amani ina nembo ya shule, hiyo Hamisi ameshaifuta kwenye nakala tuliyokutumia. Majina yao na umri hatutaandika. Ukitaka tuzibe nyuso, au tukate picha yabaki maboya na mikono tu, niambie, inawezekana. Na Amani naye aulizwe. Ana miaka tisa, anajua anachokipenda na asichokipenda, na kama hataki basi neno lake lishinde hata kama wewe umekubali.

Nyuma yao ufukweni wanaonekana akina mama wawili wanaanika dagaa mchangani. Hamisi amerudi Kibirizi kuwaonyesha. Mmoja amekubali, mwingine amekataa, kwa hiyo upande wa kulia wa picha umekatwa. Usishangae kuiona nyembamba kuliko ile ya mwanzo.

Namba nne haikupigwa na sisi, umeipiga mwenyewe Gombe: sokwe amekaa juu ya tawi na mwanawe mgongoni, majani yamemziba nusu. Picha hiyo ni mali yako. Ukituruhusu, jina utakalochagua litakaa chini yake kila tutakapoitumia, na hatutamuuzia wala kumpa mtu mwingine, awe wakala wa utalii au gazeti. Ile nyingine uliyotutumia, ambayo muongozaji anaonekana karibu ameshusha barakoa, hatuiombi. Yeye hatujamuuliza. Tena mgeni akiiona atadhani barakoa ni pambo, wakati sokwe huambukizwa mafua yetu kirahisi na yanaweza kuwaua.

Picha ya pamoja mliyopiga kwenye ngazi tumeiacha pia, kwa kuwa yule mgeni wa chumba cha mwisho ameingia kwenye pembe na hatuna sababu ya kumtangazia mtu kwamba alilala hapa.

Sasa, zitatumika wapi? Ukurasa wetu wa Instagramu, statasi ya WhatsApp ya nyumba, na kipeperushi kimoja ambacho tunakusudia kukiacha mapokezi na kwa wakatisha tiketi watakaotukubalia. Hapo basi. Hatutataja tarehe mlizokaa, chumba mlicholala wala mlikoelekea baadaye. Jina lako kamili, namba ya kitambulisho na namba uliyolipia vipo kwenye kitabu cha wageni na kwenye risiti, na huko ndiko vitakakobaki. Havihusiani na jambo hili. Ruhusa tunaiomba mpaka mwisho wa Desemba 2026. Baada ya hapo tutakuuliza upya au tutaziondoa.

Ukibadili mawazo wakati wowote, andika neno moja, ondoa. Za mtandaoni tutaziondoa siku hiyohiyo tukipata ujumbe wako. Ila sitaki kukuahidi nisichokiweza: picha ikishakaa mtandaoni mtu anaweza kuwa ameihifadhi kwenye simu yake, na vipeperushi vilivyokwisha kugawiwa hatuwezi kuvikusanya barabarani. Tutakachofanya ni kutochapisha vingine vyenye picha hiyo na kuviondoa vilivyobaki mkononi mwetu. Lipime hilo kabla hujajibu, hasa kwa ile ya watoto.

Naomba jibu la maandishi kwa makusudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakwenda kufanya kazi gani, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Nyumba yetu ni ya vyumba sita, lakini sheria haijasema ni ya mahoteli makubwa peke yake. Na hata isingekuwepo, mimi nisingependa kumkuta mama yangu kwenye karatasi ya mtu stesheni bila yeye kuambiwa.

Jibu lenyewe lisikusumbue. Andika tu kwa mtindo huu kwenye WhatsApp: Moja ndiyo, mbili Bibi amekubali, tatu hapana, nne ndiyo kwa jina la Rehema. Unaweza pia kukubali kipeperushi ukakataa mtandao, au kinyume chake. Ongeza neno kipeperushi au mtandao mbele ya namba. Maoni yafuate hapo chini au siku nyingine, na unaweza kutupa maoni bila picha, au picha bila maoni.

Tusipopata jibu mpaka tarehe 31 Januari, tutahesabu kuwa ni hapana kwa zote. Nitakukumbusha mara moja tu, wiki ya mwisho, kisha nitanyamaza. Tarehe 1 Februari Hamisi atazifuta kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya ofisini, ambako ndiko ziliko kwa sasa, kwa hiyo hakikisheni nakala zenu mmezihifadhi. Kama kuna kitu hakijaeleweka, nipigie mimi kwa namba ileile uliyowekea nafasi. Baada ya saa kumi jioni huwa nina utulivu.

Jambo la mwisho halihusiani kabisa na hayo ya juu. Kandambili nyekundu za Tunu zimeonekana chini ya kitanda, pamoja na kitabu cha kuchora chenye kurasa ambazo hazijaisha. Tumevifunga vizuri, na vitapanda basi la Dodoma Ijumaa asubuhi. Nitumie jina la atakayepokea kituoni. Nauli ya mzigo tumeshalipa.

Wako,
Mama Zuhura
Nyumba ya wageni, Katonga, Kigoma