Kipimo Kikikosewa, Kisemwe: Hotuba ya Mkurugenzi wa Maabara kwa Wafanyakazi

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni. Najua foleni ya Mwenge imewachosha kabla kazi haijaanza, na sampuli za maji kutoka Kigamboni zinawasubiri kwenye jokofu, kwa hiyo sitawaweka sana.

Wiki iliyopita tulirudisha cheti cha mahindi. Maneno yamekuwa mengi kwenye korido, basi tuyamalize hapa. Sampuli ile ilizimuliwa mara nne ili mashine iweze kuisoma. Mashine ikatoa 3.2. Ilitakiwa izidishwe kwa nne, tupate mikrogramu 12.8 za sumukuvu kwa kilo. Ikahamishwa vilevile, 3.2. Kikomo cha Afrika Mashariki ni 10. Cheti kikatoka na sahihi na mhuri, kikisema mahindi ni salama.

Kesho yake mwenzetu akipanga makaratasi akaiona safu ya uzimuaji. Mhakiki alishapitisha, mteja alishalipa, na hakuna ambaye angeuliza. Akaja ofisini kwangu: "Bosi, kile cheti nimekiharibu mimi." Tulimpigia mteja saa ileile. Mzigo ulikuwa bado ghalani. Mteja alifoka, na ana haki, lakini yale mahindi hayakwenda kusagwa. Mnakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivyokufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ndiyo maana sioni kwamba hasara tuliyoipata ni kubwa. Mwenzetu huyo hajapewa onyo wala hatapewa, na anayemtania aache leo.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Ijumaa nilipitia daftari la mizani. Jiwe la gramu 100 limesomeka 100.0000 kila siku, miezi miwili mfululizo. Jamani! Mizani ya desimali nne, kwa unyevu huu wa Dar, umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, mtu akipita tu karibu na meza tarakimu ya mwisho inacheza. Kurasa zote wino mmoja, mlalo mmoja wa mwandiko. Hata siku ya Idd imejazwa, wakati mlango huu ulikuwa na kufuli.

Cheti cha mahindi tulijua kimekosewa wapi, tukakirekebisha. Kwa daftari hili, mizani ikigundulika imehama, nitawaitaje wateja? Nianzie tarehe gani? Siwezi kujua, maana siku ambayo ingetuambia imeandikwa 100.0000 kama nyingine zote. Ile 100.0003 mnayoiona aibu kuandika ndiyo ninayoihitaji.

Na kuficha kuna sura nyingi. Mtu anarudia kipimo mara tano, anaandika lile jibu moja lililompendeza, manne anayatupa. Huyo hajadanganya namba yoyote, lakini ameficha.

Mwaka 2011 wanasayansi wa jaribio la OPERA huko Ulaya walitangaza kwamba chembe zinazoitwa nyutrino zimeonekana kuupita mwanga kwa nanosekunde 60 hivi, katika safari ya kilomita 730. Dunia nzima ikawatazama. Wakaendelea kujikagua wenyewe, na mwaka 2012 wakasema hadharani kwamba kuna kebo ya faiba haikukazwa sawasawa. Kebo tu! Kama wao waliweza kusema hilo mbele ya dunia, sisi tunashindwaje kusema pipeti ilipitwa na tarehe ya ugezi?

Najua mnachoogopa: barua ya kujieleza. Kuanzia leo, anayeripoti kosa lake mwenyewe hataandikiwa barua hiyo. Posho ya wingi wa sampuli kwa wiki nimeifuta pia, fedha yake itagawanywa sawa kwa kila kitengo. Nilivyoona, ilikuwa inalipa haraka kuliko usahihi. Ila atakayejaza namba ambayo hakuisoma, au kuchana karatasi, huyo tutaonana kwenye kamati ya nidhamu, na sitamtetea.

Utaratibu mnaujua, ila niurudie kwa vijana wa mafunzo. Namba iliyokosewa inakatwa kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, iliyo sahihi inaandikwa pembeni, unaweka sahihi na tarehe. Wino mweupe sitaki kuuona benchini. Simamisha kazi, mwambie mkuu wa kitengo, majibu yasitoke. Kama yametoka, mteja atapigiwa na mimi au Meneja Ubora, usimpigie wewe. Ndivyo kiwango cha ISO/IEC 17025 kinavyotutaka kwa kazi isiyokidhi matakwa, na wakaguzi wa ithibati watatuuliza fomu za kuripoti makosa hayo. Faili lisilo na fomu hata moja mwaka mzima halitawafurahisha, litawatia shaka.

Haya, kitengo cha mizani mbaki. Sitafuti mtu. Tunafungua daftari jipya, na jiwe la gramu 100 tutalipima pamoja sasa hivi, tuandike litakachosema. Wengine nendeni, maji ya Kigamboni yasikae zaidi.