Ombi la kurudia jaribio la muda wa mwitikio, safari hii na washiriki 52

Shikamoo Dokta,

Pole na majukumu. Naomba uvumilie kidogo, hii imeili imekuwa ndefu kuliko nilivyopanga. Nilianza na mistari mitano tu ya kuomba kurudia jaribio, nikaisoma nikaona inaficha mambo ambayo ungeniuliza tu tukikutana, bora niyamwage yote hapa.

Kwa kifupi jaribio langu limefeli. Walikuja watu 22, nimebaki na data za watu 14, na kile nilichokuwa nakitafuta sijakipata, wala siwezi kusema hakipo. Naomba ruhusa yako nilifanye upya kabisa na watu 52 wapya, na nitahitaji sahihi yako kwenye fomu ya marekebisho ya kamati ya maadili maana kibali nilichonacho kinaishia washiriki 30.

Sasa nieleze. Unakumbuka ni lile la Simon, mduara mwekundu au wa bluu unatokea kushoto au kulia mwa skrini, mtu anabonyeza kitufe kwa kufuata rangi tu, upande hauna kazi. Mimi nilitaka kujua kama mlio wa tahadhari unaotangulia mduara kwa milisekunde 400 unaongeza ile gharama ya upande kugombana na kitufe. Athari ya Simon yenyewe ilitoka vizuri tu, milisekunde 24 bila mlio na 27 kukiwa na mlio, ila tofauti ya hizo mbili ndiyo swali langu na ni milisekunde 3, kadirio la asilimia 95 linaanzia minasi 13 mpaka 19. Yaani humo ndani inaingia "mlio unapunguza", "mlio haufanyi kitu" na "mlio unaongeza sana", zote kwa pamoja. Nikiandika kwenye tasnifu kwamba mlio hauna athari nitakuwa nadanganya, p ya 0.69 sio ushahidi wa kutokuwepo kitu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni uzembe wangu, na uliniambia mapema. Ulisema nipime vifaa kabla ya kuita mtu wa kwanza, mimi nikaona programu inasema 400 nikaamini ni 400. Nilitumia kompyuta mbili ili niende haraka, moja ina hedifoni za waya na nyingine nikaweka za bluutuuthi kwa sababu zile za waya za pili zilikuwa zinakatakata. Mshiriki wa 19 alipomaliza akaniuliza, "hivi ule mlio si unakuja karibu pamoja na mduara?" Nikacheka nikamwambia hapana, una muda wa kutosha hapo katikati. Usiku ule sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata nikaazima kihisi cha mwanga, nikakibandika kwenye kona ya skrini, nikaweka maikrofoni ndogo kwenye hedifoni, zote mbili nikazirekodi kwa pamoja, chaneli moja mwanga nyingine sauti, raundi 200 kila kompyuta. Hedifoni za waya zilichelewa milisekunde 12 hivi na hazibadilikibadiliki. Za bluutuuthi zilichelewa wastani wa 180, na mbaya zaidi zinayumba, mara 150 mara 230. Kwa hiyo kwenye ile kompyuta ya pili mlio haukuwa unatangulia kwa 400, ulikuwa unatangulia kwa 220 hivi, na kila raundi na lake. Hilo ni jaribio lingine kabisa, sio lile nililoliandika kwenye pendekezo. Na kati ya watu 14 niliobaki nao, 9 walikaa kwenye hiyo kompyuta.

Najua utauliza, je wale 5 wa waya? Nimewaangalia, siwezi kujifanya sijaangalia. Kwao tofauti ni milisekunde 14, kwa wale 9 ni minasi 3. Inavutia eeh, lakini watu 5 ni watu 5, na nimeshajifunza kwenye darasa lako kwamba sampuli ndogo ikitoa kitu kizuri mara nyingi imekikuza. Ndiyo maana hiyo 14 sikuitumia popote kwenye hesabu zinazofuata.

Wale 8 walioondoka: 3 walikariri rangi kinyume (bluu kulia wakati wao walipewa bluu kushoto) na hawakujirekebisha mpaka mwisho, 2 kompyuta iliganda, 2 usahihi wao ulikuwa chini ya asilimia 80, nadhani walichoka maana mmoja alikuwa anasinzia waziwazi, na 1 alipokea simu katikati. Wale 3 ni kosa la maelekezo yangu sio lao, raundi za mazoezi zilikuwa 8 tu na hazikuwa zinamwambia mtu amekosea.

Sasa kwa nini 52. Tofauti ya tofauti ni kitu kigumu kukikamata, kila upande una kelele zake na zote zinajumlishana. Kwenye data yangu mchepuko sanifu wa hiyo tofauti kati ya watu ni kama 27.7, nikajiuliza athari ndogo kabisa ambayo ningeona ina maana kinadharia ni ipi, nikafika milisekunde 11, yaani karibu nusu ya athari ya Simon ya kawaida niliyoipata. Ikiwa chini ya hapo mimi binafsi nisingejenga sura nzima juu yake. Hesabu yenyewe ni hii:

```
power.t.test(delta = 11, sd = 27.7, power = 0.80, type = "paired")
```

Inatoa 52 ukikuza kwenda namba kamili. Kwa watu 14 nguvu ya kukamata athari hiyo hiyo ni kama 0.28, maana yake hata kama nadharia yangu ni sahihi kabisa nilikuwa na nafasi chini ya moja kwa tatu ya kuiona. Nilikuwa natega samaki kwa wavu uliotoboka, na hapo bado hujaongeza suala la hedifoni. Hiyo 27.7 yenyewe imetoka kwenye data mbovu kwa hiyo siiamini sana, lakini nadhani imekosea kwa kuzidi, maana vifaa vinayumba na nilikuwa na raundi 40 tu kwa kila hali. Safari hii nataka raundi 96 kwa kila hali, jumla 384, kwa sekunde 3 kila raundi ni dakika 19 hivi, ukiongeza mapumziko, maelekezo na mazoezi inafika dakika 35 kwa mtu. Zaidi ya hapo watu wanasinzia, nimeshaona. 52 inagawanyika pia kwa 4, hivyo naweza kuweka watu 13 kwa kila mpangilio (rangi ipi kitufe kipi, na kuanza na mlio au bila mlio). Atakayeondolewa nafasi yake inazibwa na mtu mwingine wa mpangilio huo huo.

Kuna jambo moja nataka ulione waziwazi. Nilishawishika, tena sana, niongeze tu watu 38 juu ya hawa 14 nifikishe 52 mambo yaishe. Siombi hivyo. Nimeshaangalia matokeo, nikiongeza watu baada ya kuchungulia ile asilimia 5 ya kukosea haibaki tena 5, na isitoshe 9 kati yao walisikia mlio kwa wakati usio sahihi. Kwa hiyo hawa 14 wanabaki kama jaribio la awali, nitawaripoti kwenye tasnifu na grafu ya ucheleweshaji nitaiweka, hata kama inaniaibisha, ila hawaingii kwenye uchambuzi mkuu na hakuna kati ya wale 22 atakayerudi.

Mabadiliko mengine nitayafanya hata usiponiuliza. Kompyuta moja tu, hedifoni za waya, kibodi ya waya. Skrini ni ya hezi 60, fremu moja ni karibu milisekunde 16.7, kwa hiyo nitapanga muda wote kwa fremu (mlio hadi mduara fremu 24, ambayo inanipa 400 kamili) badala ya kuandika milisekunde na kuomba Mungu. Nitapima kwa kihisi kabla ya mtu wa kwanza na tena kila Jumatatu asubuhi. Mazoezi yanakuwa raundi 24 zenye kumwambia mtu umekosa, na haingii jaribio mpaka apate angalau 20. Majibu chini ya milisekunde 150 au juu ya 1500 yanatoka, usahihi chini ya asilimia 80 mtu anatoka, na haya yote pamoja na uchambuzi nitayasajili kwenye OSF kabla sijaanza, ili mimi mwenyewe nisijibadilishie goli. Uchambuzi napendekeza `lme4` badala ya wastani wa kila mtu, ila hapo nakusikiliza wewe, kama unaona jaribio la t la jozi linatosha kwa swali hili basi nitaliweka ndilo la msingi.

Muda: wiki 1 ya kurekebisha programu na kupima, kisha watu 5 kwa siku, siku 12 za kazi, hapo nimeweka nafasi 60 maana baadhi hawatakuja na baadhi wataondolewa. Rasimu ya sura ya matokeo inatakiwa baada ya wiki 8, kwa hiyo nikipata kibali ndani ya wiki 2 bado nabaki na wiki 2 na ushee za kuandika. Ni finyu, sikatai. Kibali kikichelewa kupita hapo basi sitaanza, nitaandika nilichonacho kama jaribio la awali lenye hitilafu ya kipimo na nitapunguza madai yangu, sura ya mbinu itabeba mzigo. Hilo nalo niko tayari kulisikia kutoka kwako.

Ninachoomba ni vitu 3: ruhusa yako ya kurudia, sahihi kwenye fomu ya marekebisho (nimeshaijaza, iko kwenye kiambatisho, ukurasa wa 2 ndio wako), na chumba cha maabara asubuhi saa 3 hadi saa 7 kwa hizo siku 12. Kwenye kiambatisho kuna pia data zote 22 bila kufutwa kitu, rekodi za kihisi na programu mpya kama ilivyo sasa. Ukipata nafasi angalia hasa ile milisekunde 11, hapo ndipo sina uhakika kama ningeweza kuitetea mbele ya jopo.

Alhamisi niko maabara kutwa nzima, hata dakika 10 zako zinanitosha.

Mwanafunzi wako,
Neema