Swali la 7 halina jibu kama lilivyochapishwa

Wa alaykum salaam, mdogo wangu Asma.

Picha imefika, nimeikuza nikaisoma namba moja moja. Kwanza, acha kufuta. Naona hapo chini karatasi imeshaanza kutoboka kwa ufutio. Hesabu zako ziko sawa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kasoro iko kwenye swali.

Wamekwambia pembetatu ABC ina pembe ya nyuzi 90 pale B, AC ni sm 10, na BD, mstari unaoshuka wima kutoka B hadi AC, ni sm 6. Sehemu (a) wanataka eneo, sehemu (b) urefu wa AB na BC. Ukapata eneo 30, na hapo ulikuwa mtulivu kabisa. Kisha ukaandika:

AB × BC = 60
AB² + BC² = 100
(AB − BC)² = 100 − 120 = −20

Hapo ndipo ukadhani umekosea alama, ukarudia. Hukukosea. Namba yoyote ukiizidisha kwa yenyewe haitoi hasi, kwa hiyo hiyo −20 inakwambia kwamba pembetatu yenye vipimo hivi vyote kwa pamoja haipo.

Sitaki uniamini kwa sababu ya alama ya kutoa tu, nataka uione. Chukua pembetatu yoyote yenye pembe mraba B, uiongezee pembetatu ya pili iliyo sawa nayo upande wa pili wa AC, upate mstatili. AC sasa ni mstari unaokata mstatili kutoka pembe hadi pembe. Mstatili una mistari miwili ya namna hiyo, inalingana kwa urefu, na inakatana katikati. Ipe katikati ya AC jina M. Basi MA, MC na MB zote ni sm 5. Yaani kutoka B mpaka M ni sm 5, hata ukiichora pembetatu nyembamba au nene. Na BD ndiyo njia fupi kuliko zote kutoka B kwenda kwenye AC, kwa kuwa inashuka wima. Itakuwaje njia fupi iwe 6 na ile nyingine iwe 5? Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi M kwa kamba ya mita 5: majani yaliyo mita 6 kutoka hapo hayafikii, aelekee upande wowote.

Ukiwa na rula na bikari, jaribu. Chora AC ya sm 10, kisha mstari mwingine sambamba nao, sm 6 juu yake. Weka B popote kwenye mstari huo, upime pembe. Kubwa kuliko zote utaipata B ikiwa juu ya M hasa, nayo ni karibu nyuzi 80. Tisini hutoiona.

Sehemu (a) ndiyo inayonikera zaidi. Mtu atafanya nusu ya 10 × 6, ataandika 30, atapewa vema na kuendelea, kumbe amepima eneo la umbo lisilokuwepo. Usiiache 30 yako peke yake kama jibu.

Sasa walikusudia nini? Karatasi yenyewe ni fotokopi ya fotokopi, na nina dhana mbili. Huenda 6 ilikuwa ya AB, si ya BD: hapo BC ni 8, eneo ni 24, na BD inatoka 4.8, yote yanakubaliana. Au AC ilikuwa 13, na ile 3 imefutika ikabaki kama 0: hapo D inaigawa AC kuwa 4 na 9, kwa sababu 4 × 9 = 6², na eneo ni 39. Mimi naegemea ile ya kwanza, maana 6, 8 na 10 ni vipimo ambavyo walimu wa Kidato cha Pili wanavipenda. Lakini hiyo ni dhana, na wewe usijichagulie namba ukaijibu kama ndiyo iliyoandikwa.

Kwenye daftari andika hivi: onesha hesabu yako mpaka −20, kisha sentensi moja, “Vipimo vinapingana: AC ikiwa 10, BD haiwezi kuzidi 5.” Kesho skuli mfuate mwalimu kabla ya kipindi, umuoneshe mchoro wa mstatili, umuombe atazame nakala yake ya asili. Sema kwa adabu tu, “Mwalimu, naomba tuhakiki 6 na 10 katika swali la 7.” Mwalimu hatokasirika kwa hilo, na wenzio nao watakuwa wamekwama hapo hapo.

Swali la 8 nimelitazama, vipimo vyake viko sawa. Anza nalo usiku huu, na ukikwama nitumie picha, ila piga mchana au karibu na taa, kivuli cha mkono kimeficha kona ya chini.