Picha ya Raskazone: pongezi na majibu yake

Alhamdulillah, tumefunga ndoa. Nikahi ilisomwa Ijumaa baada ya Alasiri hapa Ngamiani, na picha hii ni Raskazone, jua likielekea kuzama. Aliyechanga, aliyekula pilau, aliyeosha masufuria, aliyetuombea dua akiwa mbali: ahsanteni sana.
Mwanaisha na Jumaa

Babu (anaandikiwa na Salehe): Mke wangu umeniacha kweli, tena kwa kijana asiyejua kufunga kilemba. Kimemlalia sikioni.
Mwanaisha: Shikamoo Babu. Sijakuacha mume wangu, nakwenda kutembea Lushoto tu, baridi ikinizidi narudi. Kilemba tulikifunga vilevile ulivyoelekeza, ni upepo wa baharini uliotuchezea. Jumapili tunakuja kukuamkia, utamfundisha mwenyewe. Ugoro wako ninao.

Bibi (Salehe tena): Mke mwenzangu, kikuba kimekukaa. Nani kakusokotea?
Mwanaisha: Shikamoo Bibi. Ni Somo, usiku wa kuamkia Ijumaa. Asumini tulizichuma jioni zikiwa hazijafunguka, akazichanganya na mrehani na mkadi, akafunga kwa uzi mweupe. Nimekilaza chini ya mto, mpaka leo chumba kinanukia. Ile kisutu yako nimeikunja kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Mumeo nimekuachia peke yako sasa, mtunze.

Maalimu: Baarakallahu lakuma. Mwenyezi Mungu awajaalie mapenzi na huruma.
Mwanaisha: Amin, Maalimu. Shikamoo. Jazakallahu kheri kwa hutuba na kwa nasaha zako. Wazee wanakusalimu.

Mama mkwe: Mashallah wanangu. Hicho kilemba cha Jumaa kimeinama, au ni macho yangu?
Mwanaisha: Shikamoo mama. Dua zenu ndizo zilizotufikisha. Mwanao alipendeza mama, kila mtu kamsifu. Picha imepigwa kwa ubavuni, ndiyo maana kinaonekana hivyo. Mapeasi yamefika salama, tumewagawia na majirani. Baba naye tunamwamkia.

Shangazi wa Pangani: Wenye bahati walialikwa. Sisi wengine tunaona harusi ya mtoto wetu kwenye simu, kama wapita njia.
Mwanaisha: Shikamoo shangazi. Una haki ya kusema, na mimi ni mtoto wako, nasikiliza. Nimekupigia tangu asubuhi simu haipatikani. Mengine si ya kuzungumza mbele za watu. Jumatano mimi na mkweo tunakuja Pangani, tutashinda kwako, na utatusema tukiwa tumekaa mkekani. Fungu lako la halua limewekwa.

Mjomba wa Maskati: Hongera mpwa wangu. Mzigo ulifika?
Mwanaisha: Shikamoo mjomba, ulifika Alhamisi, halua na udi. Bakuli mbili zilikatwa mbele ya wageni, ya tatu Mama kaifungia kabatini. Hujaambiwa na mimi.

Rukia: We Mwanaisha! Kilemba hicho shemeji alikivaa au alikilalia?
Mwanaisha: Nyamaza shoga! Alikikalia kwenye gari, tunafika Raskazone kimekuwa chapati. Nakinyoosha kwa viganja, mpiga picha anapiga kelele jua linazama, na pini zote ziko kwenye pochi yako. Ulikuwa wapi wewe? Na sambusa!
Rukia: Zile zilikuwa sambusa za kamati.
Mwanaisha: Kamati ya mtu mmoja.

Mama wa nyumba ya pili: Sasa tunasubiri mjukuu.
Mwanaisha: Shikamoo mama. Inshallah, tuombeeni kheri. Masufuria yako yote yapo, naleta kesho.

Kassim, rafiki wa bwana harusi: Hongereni. Shemeji, huyo wa gauni la kijani nyuma yako ni nani?
Mwanaisha: Ahsante shemeji. Huyo ana baba, ana kaka wanne, na mlango wao unajulikana. Tafuta mshenga.

Wifi: Wifi, nimesoma majibu yote. Kwa Babu ni upepo, kwa mama picha ya ubavuni, kwa Rukia kakikalia. Mimi nishike lipi?
Mwanaisha: Wifi yangu kipenzi, shika la mama. La Rukia nalifuta sasa hivi, na wewe mama akikuuliza, huna bando.
Salehe: Umechelewa dada. Babu nimeshamsomea. Anacheka mpaka anakohoa.
Mwanaisha: Salehe, utanikuta.

Kassim: Mshenga nimempata. Aanzie wapi?
Mwanaisha: Kwa Rukia, huyo wa kijani ni mtoto wa mama yake mdogo. Na asiende mikono mitupu, shoga yangu anapenda sambusa.