Ufupisho wa Habari: Maji Kuchemka Mahali pa Juu
Sayansi na Teknolojia, Darasa la Saba, Mbeya

Hoja kuu ya habari hii ni kwamba maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Kanieneo ya hewa inapopungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Maji yakipata moto, molekuli zake huongeza mwendo na mvuke hujaribu kujitengenezea viputo ndani ya maji. Hewa iliyo juu huvikandamiza. Mvuke ukifikia nguvu sawa na kanieneo ya hewa, viputo hukua na kupanda, na hapo ndipo maji huchemka. Usawa wa bahari, kama Tanga, hilo hutokea kwenye 100°C. Ukipanda juu, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, kwa hiyo kiwango mchemko hushuka kwa takriban 1°C kila mita 300.

Habari imetaja "sehemu za miinuko" tu, kwa hiyo nimekokotoa ya kwetu. Mbeya ipo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi: 1,700 ÷ 300 = 5.7. Maji yetu huchemka karibu na 94°C.

Aya ya tatu ndiyo ngumu, nimeirudia. Inasema maji yakishaanza kuchemka, kuongeza kuni hakuyapandishi joto. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke upesi zaidi. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huku kuliko pwani hata moto ukiwa mkali: yanapikwa kwenye 94°C, si 100°C. (Maharage ya zamani nayo huwa magumu, ila mwandishi hakuligusa hilo.) Anayeongeza kuni anamaliza maji ya sufuria tu.

Aya ya mwisho inahusu presha kuka. Mfuniko wake hubana mvuke, kanieneo ya ndani hupanda, na maji hufika karibu 120°C kabla ya kuchemka.

Istilahi

Kanieneo: nguvu inayokandamiza kila kipande cha eneo. Ya hewa hupimwa kwa barometa.

Kiwango mchemko: joto ambalo kanieneo ya mvuke wa kimiminika hulingana na kanieneo inayokikandamiza. Kusema "joto ambalo maji hutoa viputo" hakutoshi, maana viputo vidogo vya mwanzo ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji ikitoka.

Uvukizi: kimiminika kugeuka mvuke kwenye uso wake tu, katika joto lolote. Nguo hukauka kwa njia hii hata asubuhi ya baridi ya Julai. Kuchemka hutokea ndani ya kimiminika chote.

Joto fiche la mvuke: joto linalogeuza kimiminika kuwa mvuke bila kipimajoto kupanda. Kilo 1 ya maji kwenye 100°C huhitaji takriban kilojuli 2,260.

Vali ya usalama: sehemu ya presha kuka inayotoa mvuke ukizidi. Ikiziba, chungu kinaweza kupasuka.