Barua kwa malenga: tui la pili na chungu kisicho na moto

Chumbageni, Tanga
14 Juni 2024

Mpendwa Malenga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote nyumbani. Shairi lako la tui nililikata gazetini nikalibandika ukutani jikoni kwangu, na sasa mvuke umeshalikunja pembe. Nimekuandikia kwa ajili ya kituo chake:

La pili latangulia, la kwanza linabakia.

Kaka yangu ni mwalimu wa Kiswahili. Alipolisoma akasema malenga kateleza, maana tui la kwanza ndilo linalotangulia, ndiyo maana likaitwa la kwanza. Baadaye akajirudi: labda ni fumbo la urithi, mdogo kampiku mkubwa kwenye mali ya baba. Tumebishana jioni mbili nzima. Lakini kaka hajawahi kuunga samaki kwa nazi, na mimi nauza chakula mwaka wa 19 huu.

Anayekuna nazi kila siku hawezi kuona kosa hapo. Unakuna, unatia maji ya vuguvugu kidogo, unakamua: hilo la kwanza, zito, linaganda vidoleni. Unaliweka pembeni, unafunika. Unarudia chicha ileile kwa maji mengi, linatoka la pili, jepesi, rangi yake kama maji ya kuoshea mchele. Na hilo la pili ndilo linaloanza kuingia chunguni, lichemke na samaki na nyanya. La kwanza linangoja mpaka mwisho kabisa. Kwa hiyo uliyoyasema ni kweli tupu: aliyetoka nyuma katangulia kuingia, aliyetoka mbele kabaki amefunikwa pembeni, anangoja.

Ila kuingia wapi? Hapo ndipo nilipokaa siku nyingi. Nimelisoma shairi lote, beti saba, nikitafuta moto. Hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna mafiga, wala moshi. Chungu kipo, tena umesema ni cha udongo, kiko nyuma ya nyumba, kimefunikwa majani ya mgomba. Mpishi gani anateleka chungu pasipo moto? Basi mimi nasoma kwamba chungu kile ni kaburi, na matui mawili ni watoto wawili wa mama mmoja, nazi moja. Mdogo ndiye aliyetangulia.

Huenda nimeona hivyo kwa sababu ya yangu mwenyewe. Tulizaliwa wasichana wawili baada ya kaka. Mimi ndiye niliyemtangulia mdogo wangu kuzaliwa, yeye akanitangulia kuzikwa, ana miaka 23. Niliposoma "linabakia" niliweka mwiko chini. Na hata mizani nilizihesabu kwa vidole: 8 upande wake, 8 upande wangu. Hakuna aliyezidi. Kama uliyapanga makusudi, nakushukuru.

Usomaji huu ndio umenifungulia na mshororo wa ubeti wa sita, ambao kaka anauona ni wa kujazia tu:

Koroga usinyamaze, kimya hulikata tui.

Tui zito likishaingia hutakiwi kuondoka. Unakoroga polepole, upande mmoja, bila kuacha, la sivyo linakatika: mabonge yanaelea juu, maji yanabaki chini, na likishakatika halirudi. Lakini wewe hukusema kuacha kukoroga ndiko kunakolikata. Umesema ni kimya. Siku za matanga yetu majirani hawakumwacha mama hata usiku mmoja. Walimsemesha habari za bei ya dagaa, za mvua, za harusi ya mtu, na wakati ule niliwaona hawana huruma. Nilipofika kwenye mshororo wako nikafahamu walikuwa wanamkoroga asikatike. Nasi tuliobaki pia.

Sasa limebaki moja, na hilo ndilo hasa ninalokuomba unijibu. Katika ubeti wa mwisho umesema:

Chicha nilipoishika, kifuani kaitia.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba chicha ni mama. Kakamuliwa mara mbili, kabaki mweupe, mkavu, hana tena cha kutoa. Lakini kama chicha ni mama, ni nani huyo anayeishika na kuitia kifuani? Ni yule binti aliyebaki, kamkumbatia mamaye? Au msemaji ni mama mwenyewe, na chicha ni kitu kingine alichoachiwa, kanga ya marehemu labda? Mama yangu alilala na kanga ya mdogo wangu mpaka pindo likachanika. Nataka sana iwe binti, lakini sitaki kulilazimisha shairi lako.

Kaka anakusalimu. Bado anashikilia urithi.

Mimi msomaji wako,
Mama Rehema